Faili Nene, Ukurasa Mmoja: Maswali Kuhusu Muhtasari wa Kemo

Maswali haya huulizwa na madaktari walio mafunzoni, wauguzi na matabibu wanaopewa faili la mgonjwa aliyemaliza kemo na kuambiwa, "Mwandikie muhtasari, kesho anasafiri." Ili majibu yasielee hewani, yote yanamfuata mgonjwa mmoja. Tumemtunga, lakini makosa yaliyomo kwenye faili lake ni yale tunayoyaona kila mwezi. Ni mama wa miaka 46 mwenye saratani ya titi, amefanyiwa upasuaji, kisha akapangiwa AC mara 4 (doksorubisini na siklofosfamidi) na baada yake paklitakseli mara 4, kila baada ya siku 21. Alianza Jumatatu tarehe 6 Januari 2025.

Nianzie wapi? Faili lina kurasa mia na kitu.

Usianze na maelezo ya daktari. Chukua karatasi tupu na uandike kitu kimoja tu: tarehe ambazo dawa iliingia mshipani. Hizo utazipata kwenye chati ya dawa ya wauguzi, ile yenye muda wa kufungua dripu na sahihi ya aliyeifungua. Kwa mama huyu zinatoka hivi: 6 Januari, 27 Januari, 24 Februari, 17 Machi, 14 Aprili, 5 Mei, 26 Mei. Basi.

Zihesabu. Ni saba. Sasa fungua noti ya mwisho ya kliniki, utakuta mstari unaosema amekamilisha AC mara 4 na paklitakseli mara 4, yaani nane. Mstari huo haukuandikwa siku hiyo. Ulikuwa mpango wa Januari, ukanakiliwa kutoka noti hadi noti, na mahali fulani njiani neno "anapangiwa" likageuka "amekamilisha". Ukianza na noti hiyo, muhtasari wako utampa mgonjwa mzunguko ambao hakuupata kamwe.

Noti ya siku ya mzunguko wa 3 inasema nyutrofili zimeshuka. Niandike ni madhara ya mzunguko wa 3?

Hapana. Hili ndilo kosa linalojirudia kuliko yote, na chanzo chake ni jinsi noti zenyewe zinavyoandikwa. Noti yenye kichwa `C3D1` huandikwa asubuhi, kabla dripu haijafunguliwa. Kila anachosimulia mgonjwa pale, na kila kipimo cha damu kilichobandikwa pale, ni habari za wiki tatu zilizopita. Kichwa cha noti kinasema mzunguko wa 3, lakini habari iliyo ndani ni ya mzunguko wa 2.

Tazama tarehe 17 Februari. Mama alikuja kwa mzunguko wa 3, damu ikapimwa, nyutrofili zikawa 0.8. Daktari akamrudisha nyumbani kwa wiki moja. Tarehe 24 zilikuwa zimepanda hadi 1.9, akapewa dozi kamili. Kwenye muhtasari, upungufu huo wa nyutrofili unakaa kwenye mstari wa mzunguko wa 2, na kuchelewa kunakaa kwenye mstari wa mzunguko wa 3. Ukivichanganya, msomaji ataona dawa iliyosababisha madhara kabla haijatolewa.

Kuna mtego mwingine kwenye kipimo hichohicho. Kwenye noti, aliyeandika alinakili jumla tu ya chembe nyeupe: 3.2. Namba hiyo haitishi mtu. Lakini karatasi ya maabara ilionyesha nyutrofili ni asilimia 25 ya chembe hizo, na robo ya 3.2 ni 0.8. Kwa hiyo tafuta mstari ulioandikwa `NEUT#` kwenye karatasi ya mashine. Ukikosekana, zidisha jumla kwa asilimia mwenyewe. Angalia na kizio kilichotumika pia, maana maabara nyingine huandika 800 kwa mikrolita, na hiyo 800 ndiyo 0.8 ileile.

Dozi niiandike kwa miligramu au kwa mita ya mraba?

Zote mbili, kwa sababu zinajibu maswali tofauti. Miligramu zinasema nini kiliingia mwilini. Miligramu kwa mita ya mraba zinasema kama dozi ilikuwa kamili au imepunguzwa.

Mama ana urefu wa sentimita 160 na uzito wa kilo 68. Eneo la mwili wake kwa kanuni ya Mosteller ni:

```
√(160 × 68 / 3600) = 1.74 m²
```

Doksorubisini ya 60 kwa mita ya mraba inakuwa 104 mg, siklofosfamidi ya 600 inakuwa 1040 mg baada ya kupunguza tarakimu. Mzunguko wa 4 chati inaonyesha doksorubisini 84 mg. Ukiandika "84 mg" peke yake, daktari wa Kigoma, anakorudi mama, atakayesoma mwakani hatajua kama mama alikonda au dozi ilikatwa. Ukiandika "84 mg (48 mg/m², asilimia 80)", swali limekwisha.

Angalia pia kama uzito ulipimwa kweli. Kilo 68 zilezile kwenye noti saba mfululizo, kwa mgonjwa anayetapika, zinatia shaka. Kwenye kitabu cha mapokezi mama huyu alikuwa 66 mwezi Machi. Tofauti hiyo ni chini ya asilimia 5, kwa hiyo haibadilishi hesabu ya dozi, ila ingekuwa kilo sita au saba ingebidi uitaje.

Kwa doksorubisini kuna namba ya ziada isiyokosekana: jumla yake yote. Hapa ni 60 + 60 + 60 + 48, sawa na 228 mg/m². Dawa hii, ile nyekundu ambayo wagonjwa hawaisahau, hudhuru misuli ya moyo kadiri jumla inavyopanda, na vituo vingi haviruhusu kupita kati ya 450 na 550 katika maisha yote ya mtu. Ugonjwa ukirudi miaka sita baadaye, daktari atahitaji kujua amebakiwa na nafasi kiasi gani. Maneno "AC mara 4" yatamfanya akisie 240. Kwa mama huyu makisio hayo hayako mbali, lakini kwa mgonjwa aliyekatiwa dozi mara tatu au aliyewahi kutibiwa kwingine, yatakuwa mbali sana.

Iliyoagizwa na iliyotolewa zikitofautiana?

Andika iliyotolewa, kisha eleza kwa maneno machache. Tarehe 14 Aprili, siku ya paklitakseli ya kwanza, fomu ya dawa inasema 305 mg kwa saa tatu. Chati ya nesi inasema zaidi: saa 4 na dakika 20 asubuhi dripu imesimamishwa, uso umekuwa mwekundu na mwili unawasha, amechomwa sindano ya mzio, saa 4 na dakika 55 imeendelea kwa kasi ya nusu, imeisha yote. Noti ya daktari ya siku ileile ina maneno mawili tu: "amevumilia vizuri". Hakuna aliyedanganya. Daktari alipita wodini mchana, mama akiwa ameshatulia.

Hilo ni mwitikio wa dripu wa daraja la 2: dawa ilisimamishwa, tiba ikafanya kazi haraka, dripu ikaendelea. Dozi ni kamili, 305 mg. Ingekuwa chupa iliondolewa ikiwa nusu, ungeandika nusu.

Daktari hakuandika daraja la madhara. Naruhusiwa kulipanga mwenyewe?

Unaruhusiwa, mradi noti ina maelezo ya kutosha, na mradi useme daraja umelitoa wewe kutoka kwenye maelezo. Tumia CTCAE, orodha ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, na utaje toleo, kwani mipaka ya madaraja inaweza kubadilika toleo likibadilika. Hapa tunatumia toleo la 5 la mwaka 2017.

Vipimo vya damu ni rahisi. Nyutrofili chini ya 1.0 hadi 0.5 ni daraja la 3, chini ya 0.5 ni la 4. Ile 0.8 ya Februari ni daraja la 3, hakuna mjadala.

Ganzi ndiyo ngumu, kwa sababu daraja linategemea kazi gani imemshinda mtu, na noti nyingi huishia kwenye neno "ganzi". CTCAE hutenganisha shughuli za kuendesha maisha (kupika, kwenda sokoni, kutumia simu, kushika pesa) na za kujihudumia mwenyewe (kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni). Ganzi ikizuia za kwanza ni daraja la 2. Ikizuia za pili ni daraja la 3.

Tarehe 26 Mei nesi aliandika kwamba simu inamponyoka mama mkononi na dukani anashindwa kutenganisha noti za pesa, anamwachia mtoto ahesabu. Hilo ni daraja la 2, na daktari akapunguza paklitakseli hadi 140 mg/m², yaani 244 mg. Tarehe 16 Juni aliporudi kwa mzunguko wa 8, noti ya daktari inasema "ganzi inaendelea". Ya nesi inasema binti yake ndiye anayemfunga vifungo vya blauzi na kumkaza kanga. Kuvaa ni kujihudumia, kwa hiyo hilo ni daraja la 3. Dawa haikutolewa siku hiyo, na haikutolewa tena. Neno "inaendelea" lingekufanya uandike daraja la 2 na usielewe kwa nini tiba ilisitishwa.

Kama noti inasema "ganzi" na hakuna zaidi, andika "ganzi, daraja halikuweza kupangwa". Namba ya kukisia itasomwa kesho kama namba iliyopimwa.

Alipata homa na kulazwa hospitali nyingine. Naandikaje?

Noti ya mzunguko wa 4 ina mstari mmoja: "alipata homa akalazwa siku tano". Mwombe mgonjwa au ndugu karatasi ya kuruhusiwa. Mara nyingi ipo, imekunjwa ndani ya daftari la kliniki au kwenye mfuko wa rambo pamoja na risiti. Ya mama huyu ilionyesha amelazwa tarehe 5 Machi, joto 38.6, nyutrofili 0.3, akapewa antibayotiki za mshipa.

Hesabu siku: dawa iliingia 24 Februari, hiyo ni siku ya 1, kwa hiyo 5 Machi ni siku ya 10. Inaangukia pale chembe zinapotarajiwa kuwa chini kabisa, na hilo ni sehemu ya habari.

Hapa kuna mambo mawili ya kuandika. Upungufu wa nyutrofili wenyewe ni daraja la 4, kwa sababu 0.3 iko chini ya 0.5. Homa yenye upungufu wa nyutrofili ni tukio jingine lenye daraja lake, na kwenye CTCAE halina daraja la 1 wala la 2: huanzia la 3, na huwa la 4 pale uhai unapokuwa hatarini. Mama hakuporomoka presha wala hakuhitaji chumba cha uangalizi maalumu, kwa hiyo ni daraja la 3. Wengi huandika "homa, daraja la 1" wakitazama kipimajoto peke yake. Hapo tukio zito kuliko yote katika tiba nzima linapotea ndani ya neno dogo.

Taja pia kama alipewa filgrastimu, sindano ya kupandisha chembe nyeupe. Yeye hakupewa, haikuwepo, ndiyo maana dozi ya mzunguko wa 4 ilikatwa kwa asilimia 20. Sababu hiyo ina uzito. Mtu akisoma "dozi ilipunguzwa" bila sababu, atadhani mwili haukustahimili dozi kamili hata kwa msaada wa sindano, na hilo halikujaribiwa.

Siku za kuchelewa nazihesabu kutoka wapi?

Kutoka tarehe halisi ya mzunguko uliotangulia, jumlisha siku 21. Usihesabu kutoka kwenye ratiba ya Januari, utahesabu kuchelewa kulekule mara mbili. Kwa ratiba ya awali mzunguko wa 4 ulikuwa tarehe 10 Machi, na ulitolewa 17 Machi. Inaonekana umechelewa wiki, lakini wiki hiyo ni ileile ya Februari. Kutoka 24 Februari hadi 17 Machi ni siku 21 kamili. Mzunguko wa 4 haukuchelewa.

Kisha tenganisha sababu. Mzunguko wa 3 ulichelewa siku 7 kwa sababu ya nyutrofili. Mzunguko wa 5 ulitakiwa 7 Aprili. Hiyo ni Siku ya Karume, kliniki imefungwa, na kesho yake paklitakseli ilikuwa imeisha famasi hadi wiki iliyofuata. Ulitolewa 14 Aprili, siku 7 nyingine. Jumla ni siku 14, lakini ni 7 tu zilizotokana na madhara. Sikukuu, dawa kuisha, nauli kukosekana, mafuriko njiani: andika kama ilivyokuwa. Ukiandika "alichelewa siku 14" bila sababu, anayesoma ataona mwili dhaifu mahali palipokuwa na rafu tupu.

Ile asilimia ya nguvu ya tiba nayo ni lazima?

Si lazima, lakini ni hesabu ya dakika mbili kama tarehe zako ziko sawa, na kwa tiba ya kuponya inasaidia. Kwa doksorubisini mpango ulikuwa 240 mg/m² kwa wiki 12, sawa na 20 kwa wiki. Alipata 228 kwa wiki 13, kuanzia 6 Januari hadi 7 Aprili. Hiyo ni 17.5 kwa wiki, yaani takriban asilimia 88 ya mpango. Tafiti nyingi huchora mstari kwenye asilimia 85, kwa hiyo yuko juu yake kidogo.

Wiki ya kusubiri paklitakseli mwezi Aprili sikuiingiza hapa. AC ilikuwa imeshamaliza siku zake, wiki hiyo ni ya dawa inayofuata. Wapo wanaoiingiza. Vyovyote uchaguavyo, andika tarehe ulizotumia.

Karatasi mbili zinapingana na aliyeandika amehama. Niamini ipi?

Iliyo karibu zaidi na mshipa. Chati ya nesi kwanza, kisha daftari la famasi la kuchanganya dawa, kisha fomu ya kuagiza, na mwisho noti ya kliniki. Chati ikikosekana kabisa, andika "dozi kwa mujibu wa fomu ya kuagiza, chati haikupatikana". Niliwahi kutumia mchana mzima kutafuta chati ya siku moja, nikaikuta kwenye faili la mgonjwa mwingine mwenye jina la kwanza sawa. Tangu siku hiyo naangalia namba ya faili kwenye kila karatasi kabla sijasoma namba nyingine yoyote.

Niorodheshe madhara yote? Kuna kichefuchefu kila noti.

Hapana. Weka yote ya daraja la 3 na kuendelea, yoyote yaliyobadilisha dozi au tarehe, na yoyote ambayo mgonjwa ameondoka nayo. Kichefuchefu cha siku mbili kilichotulizwa na vidonge hakimsaidii mtu yeyote mwakani. Ganzi iliyobaki vidoleni inamsaidia.

Mwisho wake unaonekanaje?

Hivi, kwa mama wetu:

*Saratani ya titi, tiba baada ya upasuaji. Mpango: AC mara 4, kisha paklitakseli mara 4, kila siku 21. Alizopata: AC mara 4, paklitakseli mara 3, tiba ilisitishwa kabla ya mzunguko wa 8.*

*Kimo sm 160, uzito kilo 68, eneo la mwili 1.74 m². Dawa ya kwanza 6 Januari 2025, ya mwisho 26 Mei 2025.*

*AC mizunguko 1–3: doksorubisini 104 mg (60 mg/m²), siklofosfamidi 1040 mg (600 mg/m²). Mzunguko wa 4: zote asilimia 80 (84 mg na 832 mg). Paklitakseli mizunguko 5 na 6: 305 mg (175 mg/m²), mzunguko wa 7: 244 mg (140 mg/m²). Jumla ya doksorubisini: 228 mg/m².*

*Madhara, CTCAE toleo la 5. Baada ya mzunguko wa 2: nyutrofili 0.8, daraja la 3. Baada ya mzunguko wa 3, siku ya 10: nyutrofili 0.3, daraja la 4, pamoja na homa yenye upungufu wa nyutrofili, daraja la 3. Alilazwa siku 5. Filgrastimu haikupatikana, dozi ikapunguzwa. Mzunguko wa 5: mwitikio wa dripu, daraja la 2, dozi iliisha. Ganzi ya mikono: daraja la 2 baada ya mzunguko wa 6, dozi ikapunguzwa, daraja la 3 baada ya mzunguko wa 7, tiba ikasitishwa, ipo bado 16 Juni 2025. Madaraja ya ganzi yametolewa kutoka maelezo ya wauguzi.*

*Kuchelewa: mzunguko wa 3, siku 7, nyutrofili. Mzunguko wa 5, siku 7, sikukuu na dawa kuisha.*

Mgonjwa apewe nakala?

Apewe, na umsomee kwa Kiswahili cha kawaida, hasa mistari miwili: jumla ya dawa nyekundu, na ganzi. Mama anayerudi Kigoma ataulizwa na daktari mpya, "Ulipata dripu ngapi?" na atajibu nane, kwa sababu nane ndiyo namba aliyoambiwa Januari na tarehe 16 Juni alifika hospitali kwa ajili ya ile ya nane. Mwonyeshe saba kwa kidole kwenye karatasi, mwache azihesabu tarehe mwenyewe.